ChatGPT imeniandikia CV yenye kazi ambazo sijafanya, naitumiaje bila kunitungia?

BintiStoo:
Wadau habari za jioni, naombeni ushauri. Nimefanya kazi ya stoo miaka miwili kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, mkataba umeisha natafuta sehemu nyingine. CV yangu niliona imepooza, nikaibandika ChatGPT pamoja na tangazo la kazi nikaiambia iboreshe ivutie, ikatoka nzuri nikaituma bila kuisoma vizuri, hilo kosa ni langu. Juzi kwenye intavyuu mama mmoja akaweka kidole kwenye karatasi akauliza, "hii asilimia 35 ya upotevu uliyopunguza, ulipimaje?" Nikanyamaza, maana sijawahi kupima kitu kama hicho. Akashuka mstari wa chini, "na hawa watu 8 uliowaongoza?" Stoo nzima tulikuwa mimi na kijana wa kupakua mizigo. Kazi nimekosa na aibu ninayo mpaka leo. Wiki ijayo kuna sehemu nyingine natakiwa nitume CV, nifanyeje?

Kijana wa Ilala:
Pole dada. Mbona rahisi tu, mwishoni iandikie "usidanganye, usiongeze kitu", mi ndo nafanyaga hivyo siku zote.

BintiStoo:
Nimejaribu jana kaka. Asilimia zimeondoka kweli ila sasa imeandika nina uzoefu wa Tally, ile programu ya hesabu, na mi hata kuifungua sijawahi.

Msoma CV:
Mdogo wangu hiyo Tally imetoka kwenye tangazo. Nasoma CV kazini kila wiki na hili nakutana nalo sana, sifa za tangazo letu zinaturudia neno kwa neno. Ukiipa CV ya mistari mitano na tangazo la ukurasa mzima halafu useme ivutie, itajaza pengo na kile ilichonacho, yaani tangazo. Kwa hyo tangazo liweke pembeni kwanza. Fungua chati mpya, isimulie siku yako ya kazi kwa Kiswahili cha kawaida kama unamsimulia dada yako, stoo unafungua saa ngapi, gari linaleta nini, unaandika wapi, nani anasaini. Usijali mpangilio. Halafu bandika hii:

```
Usiandike CV bado. Niulize swali moja moja
kuhusu nilichosimulia.
Nisipojua namba weka [NAMBA?], usikadirie.
Nikisema "nilisaidia", ibaki "nilisaidia".
```

Huo mstari wa mwisho usiuache, maana namba ya uongo utaiona haraka ila kitenzi kinakupita. Ulisaidia kuhesabu, yenyewe inaandika uliongoza zoezi la kuhesabu, na ikigeuza kwenda Kingereza ndo inazidi. Ikishaandika, iambie chini ya kila mstari wa CV inukuu sentensi yako ilikotoa hayo maneno. Mstari usio na nukuu futa. Na nukuu zenyewe zitafute kwa macho yako kwenye ulichosimulia, kuna wakati inanukuu kitu ambacho hukusema kabisa.
Kwenye barua ya maombi sasa ndo ulete tangazo, uliza tu yapi uliyosimulia yanajibu tangazo na yapi huna. Tally ikae kwenye huna.

Dereva Mkongwe:
Samahani naingilia. Mimi dereva, 2023 nilikaa mwaka mzima bila kazi, imeniandikia nilikuwa dereva wa kujitegemea. Niache hivyo hivyo?

Msoma CV:
Kaka kama ulibeba mzigo wa mtu akakulipa, andika ulibeba nini na wapi. Kama hukubeba futa, maana nitakuomba namba ya mteja mmoja.

BintiStoo:
Nimerudi, asanteni sana. Jana usiku imeniuliza kama kuna siku hesabu haikulingana, ndo nikakumbuka lori la saruji mwaka jana, hati inasema mifuko 600 mi nimehesabu 586, nikagoma kusaini mpaka dereva akaandika upungufu wa 14 kwenye hati na duka halikuilipia. Sikujua kama hilo ni la kuweka kwenye CV. Mstari sasa unasema nilihakiki mizigo kabla ya kusaini na niligundua upungufu wa mifuko 14 kati ya 600, na kila neno naweza kulielezea. Ila iliniuliza magari mangapi kwa wiki, mi nakumbuka 3 au 4 lakini rekodi sina, leja zilibaki dukani.

Msoma CV:
Andika "magari 3 hadi 4 kwa wiki", ukiulizwa utaeleza yalikuja siku gani.

Mhasibu Arusha:
Hapo mkuu sikubaliani. Namba isiyo na leja mi siweki, wakimpigia bosi wa zamani akasema mawili inakuwaje?

Msoma CV:
Kumbukumbu ya mtu aliyekuwa anasaini kila gari siyo uongo ndugu.

BintiStoo:
Yule kijana wa kupakua bado yupo pale, kesho asubuhi nampigia anihesabie hati za mwezi mmoja. Asipopokea [NAMBA?] naifuta natuma bila hiyo.