Naomba ushauri: nadai posho ya siku 66, naambiwa nisaini kwanza kwamba sidai

Wakuu, naombeni msaada. Nimemaliza kazi ya mradi, siku 126 fildi mfululizo. Posho ya kujikimu nililipwa siku 60 za mwanzo, nyingine wakasema nitalipwa nikirudi. Nimerudi, mhasibu ananiambia mradi umefungwa na hela za mfadhili zimeisha.

Ninavyoelewa mimi, deni lililozaliwa kabla ya tarehe ya kufunga mradi bado ni deni, na aliyeniajiri ni shirika, si mfadhili. Au nakosea?

Ushahidi ninao kiasi. Kibali cha safari kinaonyesha tarehe ya kwenda tu, ya kurudi haikujazwa kwa sababu muda uliongezwa kwa simu (hapo nilizembea, nakiri). Ila mahudhurio ya kila mwezi yamesainiwa na msimamizi, na kitabu cha gari kinaonyesha siku niliyorudishwa. Nimeshapiga picha kurasa zote.

Kinachonitisha ni fomu ya kumaliza mkataba. Ina sentensi kwamba nimelipwa stahili zote na sina dai lolote. Wanasema bila kuisaini sipati hata mshahara wa mwisho.

Aliyepitia hili anisaidie: niisaini huku nikiandika kwa mkono juu ya sahihi kwamba bado nadai siku 66, au nisiisaini kabisa na nipeleke barua ya madai yenye mhuri wa kupokelewa?