Kibodi ya simu: tufunze modeli kwenye seva, kwenye simu, au kwa njia shirikishi?

Nahodha_K: Wakuu, tuna kibodi inayopendekeza neno linalofuata, na wiki hii lazima tuamue namna ya kuiboresha. Tunaweza kukusanya maandishi kwenye seva, au kuiacha kila simu ijifunze peke yake, au simu zifunze kisha zitume mabadiliko ya modeli tu, seva ikokotoe wastani. Navutiwa na hii ya mwisho, njia shirikishi. Mnasemaje?

FundiMitambo: Mkuu, umeacha mambo yote muhimu. Watumiaji wangapi? Modeli ina vigezo vingapi? Na usiku simu ngapi ziko kwenye chaji, kwenye waifai, na hazitumiki? Hizo ndizo zitakazofunza, si idadi ya waliopakua programu.

Nahodha_K: Samahani. Watumiaji 4,000 kwa siku, vigezo milioni 1.4. Zinazotimiza masharti ni kama 400 kila usiku.

ShambaLaData: Chukua shirikishi. Gboard, kibodi ya Google, wanaitumia tangu 2017. Maandishi hayatoki kwenye simu, kwa hiyo suala la faragha limeisha.

BiHesabu: Halijaisha. Jedwali la maneno ya kuingiza lina safu moja kwa kila neno. Simu ikifunza, zinazobadilika ni safu za maneno yaliyochapwa. Mabadiliko ya safu nyingine yanabaki sifuri. Ukipokea mabadiliko ya simu moja yakiwa wazi, unasoma orodha ya maneno yake bila ufundi wowote. Dawa ya kwanza ni ujumlishaji wa siri, seva ione jumla peke yake. Ya pili ni kuweka kikomo S cha urefu wa mabadiliko ya kila simu, kisha kuongeza kelele ya kiwango z kwenye wastani:

```python
norm = np.linalg.norm(delta)
delta = delta * min(1.0, S / max(norm, 1e-12))
# kwenye seva, simu n, vigezo d
wastani = jumla / n + np.random.normal(0, z * S / n, d)
```

Sasa weka namba, tuseme S = 0.5, z = 1, na simu zako n = 400. Kelele kwa kila kigezo ni 0.00125. Inaonekana ndogo, ila vigezo ni milioni 1.4, na mzizi wake ni takriban 1,183. Urefu wa kelele yote unafika karibu 1.5, ilhali wastani wenyewe hauwezi kuzidi 0.5. Ukigandisha sehemu kubwa ya modeli na kufunza vigezo 50,000 tu, kelele inashuka hadi kama 0.28. Hapo kuna cha kufanyia kazi.

ShambaLaData: Lakini kelele ya duru moja haielekei upande mmoja na ya duru nyingine. Mabadiliko ya kweli yanaelekea kulekule, yanajumlishika. Kulinganisha duru moja si haki.

BiHesabu: Kweli, na duru nyingi zinasaidia. Ila kila duru inakula sehemu ya ulinzi wa faragha, na kwa simu 4,000 simu ileile itarudi mara nyingi sana. Wenye mamilioni ya simu hawabanwi hivyo.

TabibuWaKodi: Sisi tunaunganisha hospitali tano, hakuna inayojitoa katikati ya duru. Je, kwenye simu mambo ni tofauti?

FundiMitambo: Hizo ni seva tano zinazowaka saa zote. Hapa mtu anachomoa chaja, duru inapoteza simu. Ukitaka matokeo 100, alika 130, kisha funga duru kwa muda maalumu.

MzeeWaLogi: Jambo lililoua mradi mmoja ninaoufahamu: orodha ya maneno ilibadilishwa kwenye toleo jipya la programu, huku simu nyingi zikiwa bado na toleo la zamani. Safu ya 812 ilikuwa neno moja huku, neno jingine kule, na seva ikazichanganya kwenye wastani mmoja. Hakuna kosa lililojitokeza, kwa sababu ukubwa wa jedwali ulikuwa uleule. Dalili ilikuwa hii: hasara inashuka ndani ya kila simu, lakini modeli iliyojumlishwa inarudi mbaya kuliko ilivyotoka. Walipunguza kasi ya kujifunza kwa wiki kadhaa bure, wakidhani tatizo ni tofauti za watumiaji. Tuma alama ya utambulisho ya orodha ya maneno pamoja na kila mabadiliko, na seva ikatae isiyolingana.

FundiMitambo: Kwa simu 400 mimi ningeanza na kila simu kujifunza peke yake: hesabu za maneno ya mtumiaji, zichanganywe na modeli ya pamoja. Majina ya ndugu zake modeli ya pamoja haitayajua kamwe.

BiHesabu: Na misimu mipya inayotumiwa na wengi je? Kila simu itaisubiri peke yake.

Nahodha_K: Vigezo 50,000 naona vinawezekana. Ila nitapimaje usahihi kama maandishi ya majaribio nayo hayatoki kwenye simu?

MzeeWaLogi: Tenga baadhi ya simu zisifunze, zipime tu na kutuma hesabu mbili: mapendekezo yaliyotolewa na yaliyochaguliwa.

ShambaLaData: Yaliyochaguliwa si kipimo kizuri. Wengi wanamalizia kuchapa neno hata kama pendekezo ni sahihi. Linganisha pendekezo na neno lililochapwa.

MzeeWaLogi: Basi utapima modeli, hutapima kibodi.