"Play next" au "Add to queue": ipi ya kubonyeza sherehe ikiendelea?

mpiga_spika_lanet (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Mimi si dijei. Ni yule jirani anayeitwa kwa sababu ana spika mbili na mikisa ndogo, na muziki wote unatoka kwenye simu, kwa YouTube Music. Jumamosi nilikuwa Bungoma kwa harusi ya binamu yangu. Nilikuwa na orodha ya nyimbo 140, na wa 38 ulikuwa unacheza emsii aliponiletea karatasi yenye nyimbo tatu: wa bibi harusi kuingia, wa kukata keki, wa kuleta zawadi. Nikazitafuta, nikabonyeza "Add to queue" kila mmoja, nikatulia.

Wimbo ukaisha, ikaja rumba ya 39. Bibi harusi amesimama mlangoni mwa hema, ananitazama. Nikarudi mbio, safari hii nikabonyeza "Play next" kwa zote tatu, kwa mpangilio uleule wa karatasi, nikaruka rumba. Ukaanza wimbo wa zawadi. Shangazi zangu wakainuka na masufuria na blanketi vichwani, wakaanza kucheza kuelekea mbele, na mwenye harusi bado yuko nje.

Kidole ni changu, simlaumu mtu. Ninachotaka ni mnilinganishie: hizi amri mbili zinafanyaje kazi, ipi inafaa lini, na nawezaje kusafisha foleni katikati bila spika kunyamaza?

kijana_kondele (Kisumu)

Hii ni rahisi, kaka. "Add to queue" inaweka mwisho kabisa, "Play next" inaweka mbele. Programu zote ni hivyo. Wewe tumia "Play next" kila wakati, ila bonyeza kinyumenyume: wa tatu kwanza, wa kwanza mwisho. Kwisha.

fundi_milimani (Kisumu)

Kijana, umepata nusu. Ya kinyumenyume ni kweli, na ndiyo iliyomwangusha mwenzetu Bungoma. "Play next" haisemi "weka baada ya ule nilioweka sasa hivi". Inasema "weka mara tu baada ya unaocheza". Kwa hiyo rumba ya 39 ikiwa inacheza, ukiweka wa kuingia, unakaa wa 40. Ukiweka wa keki, nao unakaa 40 na kuusukuma wa kuingia hadi 41. Ukiweka wa zawadi, huo ndio wa 40 sasa. Ni kama kupanga sahani: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Lakini hapo kwa "programu zote" ndipo tunaachana. Kwenye YouTube Music, "Add to queue" inakwenda mwisho wa foleni yote. Kwa orodha yako, nyimbo tatu zilikaa nyuma ya nyimbo 102, kuanzia 39 hadi 140. Ukipiga dakika nne kila mmoja, ni karibu saa saba. Bibi harusi angeingia usiku wa manane.

Spotify ni tofauti kabisa. Foleni yake ina vyumba viwili. Ukifungua ukurasa wa foleni utaona "Next in queue", yaani ulizoweka kwa mkono, na chini yake "Next from" na jina la orodha yako. "Add to queue" ya Spotify inaweka mwisho wa chumba cha juu, si mwisho wa zote. Ungebonyeza zile tatu kwa mpangilio wa karatasi, zingecheza kwa mpangilio huohuo, kisha orodha iendelee kuanzia 39. Maneno ni yaleyale kwenye kioo, lakini kazi ni mbili. Ndiyo maana ushauri wa rafiki aliyezoea simu yake unaweza kukuangusha kwenye simu yako.

Kwa VLC ya Android maneno yenyewe yako wazi zaidi: "Insert next" ni baada ya unaocheza, "Append" ni mwishoni.

mama_kwaya_kakamega

Wanangu, nami nina swali kama hilo. Nyimbo za kwaya yetu nimezishusha zote kwa bando langu, nikaziweka kwenye simu ili nizichezeshe hata pasipo na mtandao. Nikisafisha hiyo foleni si zitafutika? Niliona neno "Clear" nikaondoa kidole haraka. Nilipoteza picha za ubatizo wa mjukuu kwa neno kama hilo.

fundi_milimani (Kisumu)

Hapana, mama, usiogope hilo. Foleni ni kikaratasi tu cha majina ya zitakazofuata. Ukikichana, nyimbo zinabaki pale ulipozihifadhi, na orodha uliyoitengeneza inabaki na jina lake. Kinachopotea ni mpangilio uliokuwa umeupanga kwa mkono kwenye kikaratasi kile, na huo haurudi. Ukitaka kuutumia Jumapili ijayo, utengenezee orodha yenye jina kabla hujausafisha.

Sasa nirudi kwa swali la tatu la Nakuru, kwa sababu hata "kusafisha" si kitu kimoja. Kwenye Spotify, "Clear queue" inaondoa zile ulizoweka kwa mkono tu. Wimbo unaocheza unaendelea, na orodha ya chini inaendelea baada yake. Hiyo unaweza kuibonyeza hata padri akiwa amesimama. Kwenye YouTube Music kuna "Dismiss queue" kwenye zile nukta tatu za ukurasa wa wimbo, na hiyo inafunga yote pamoja na wimbo unaocheza. Spika zinanyamaza. Mimi siigusi shughuli ikiendelea. Nikitaka kubadili kila kitu, nasubiri wimbo uwe unakaribia kuisha, naenda kwa orodha nyingine na kugusa wimbo wake wenyewe bila kupitia menyu. Foleni ya zamani inaondoka na mpya inashika papo hapo.

Na hapo pia pana mtego. Kugusa wimbo wenyewe kwenye YouTube Music kunabadilisha foleni. Kwenye Spotify kunabadilisha chumba cha chini tu. Nyimbo za chumba cha juu zinabaki zimekaa zinangoja.

konda_wa_kericho_road

Aaa! Sasa nimeelewa! Sisi tunapiga Nakuru–Kisumu, simu ya muziki ni ya dereva lakini naishika mimi. Kila siku tukianza safari ya jioni na orodha mpya, wimbo mmoja tu unapita halafu zinatokea injili tatu za asubuhi. Abiria wanadhani tunawahubiria. Mimi nikaamini simu ina pepo.

Lakini sijawahi kubonyeza "Add to queue" hata siku moja, walahi.

fundi_milimani (Kisumu)

Konda, hiyo ni Spotify, sivyo? Hukubonyeza, ulitelezesha. Ukipitisha kidole kwenye jina la wimbo kutoka kushoto kwenda kulia, Spotify inauweka kwenye foleni. Gari likitikisika, nawe unashuka na orodha kwa kidole gumba, unaweka nyimbo bila kujua. Chini ya kioo kunatokea kiujumbe kidogo kisha kinapotea. Asubuhi ziliingia tatu, hazikufikiwa, na jioni zikawa bado ziko chumba cha juu zinangoja zamu. Kabla ya kuanza safari fungua ukurasa wa foleni, ukiona chochote chini ya "Next in queue", bonyeza "Clear queue".

konda_wa_kericho_road

Ni hiyo kweli. Nimefungua sasa hivi tukiwa steji, kuna kumi na moja humo. Kumi na moja! Moja sijui hata lugha yake.

mpiga_spika_lanet (Nakuru)

Fundi, asante. Nimekaa usiku huu nikajaribu kwenye YouTube Music, nyimbo zilezile, spika zimezimwa ili mke wangu alale. Nikaweka tatu kwa "Play next" kwa mpangilio wa karatasi, nikafungua foleni: zawadi, keki, kuingia, kisha rumba. Aibu yangu yote ya Jumamosi imepangwa pale mbele ya macho yangu. Nikaziondoa, nikabonyeza kinyume kama alivyosema kijana wa Kondele, zikakaa sawa.

Kisha nikaona upande wa kila wimbo kuna vimistari. Nikishika hivyo na kuburuta, wimbo unapanda na kushuka. Kwa hiyo hata ukikosea, unaweza kupanga upya kama bado dakika moja imebaki. Shida ni kwamba kidole chenye mafuta ya nyama hakiburuti vizuri.

kijana_kondele (Kisumu)

Nilisema! Kinyume!

fundi_milimani (Kisumu)

Ulisema, kijana, na ulisema sawa kwa hilo. Mimi kwenye hoteli ninayohudumia sitegemei simu. Kuna kompyuta kuukuu yenye `mpd`, programu ya kuchezesha muziki unayoiamrisha kwa kuandika `mpc`, na amri zake hazichanganyi mtu:

```
mpc add harusi/zawadi.mp3
mpc insert harusi/kuingia.mp3
mpc crop
mpc clear
```

`add` ni mwishoni, `insert` ni baada ya unaocheza. Ninayoipenda ni `crop`: inaondoa zote isipokuwa wimbo unaocheza, nao unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. `clear` inaondoa zote na muziki unasimama. Laiti kila simu ingekuwa na hizo mbili zimetenganishwa hivyo. Kijana wa zamu wa hotelini aliwahi kupiga `clear` badala ya `crop` watu wakiwa katikati ya chakula, na ukasikia vijiko.

mwalimu_mbale (Vihiga)

Nimesoma yote, naona mnahangaika bure. Nyimbo za shughuli hujulikana wiki nzima kabla. Tengeneza orodha fupi ya kila kipindi: kuingia, keki, zawadi. Wakati ukifika gusa orodha husika. Foleni ya nini?

mpiga_spika_lanet (Nakuru)

Mwalimu, wewe hujakutana na emsii wa Bungoma. Karatasi ile niliipewa dakika sita kabla, na wimbo wa keki ulikuwa umebadilishwa na mama mkwe. Lakini kwa sehemu kubwa uko sawa, wa kuingia ningeutenga mapema.

mwalimu_mbale (Vihiga)

Basi mama mkwe ndiye wa kuwekwa kwenye foleni.

mama_kwaya_kakamega

Na ile alama ya mishale miwili inayopishana, inayochanganya nyimbo? Ikiwa imewashwa, "Play next" bado inashika? Jumapili tulianza na wimbo wa sadaka.

fundi_milimani (Kisumu)

Kwenye Spotify, mama, zilizoko "Next in queue" haziguswi na mishale hiyo, inachanganya orodha ya chini tu. Kwa `mpc insert` pia, wimbo unafuata hata uchanganyaji ukiwa umewashwa. Unatumia programu gani kanisani?

mama_kwaya_kakamega

Simu ni ya katibu wa kwaya. Kesho baada ya mazoezi nitamwomba anionyeshe, nikupe jina lake lilivyoandikwa.