Mpango wa uuguzi kwa mgonjwa wa kisukari: vigezo vya tathmini niviandikeje?

MwanafunziWodini: Shikamooni wakubwa. Niko mafunzo kwa vitendo, wodi ya wanawake. Mgonjwa wangu ni mama wa miaka 58, muuza samaki, ana kisukari aina ya pili. Anatumia metformini na glibenklamidi. Leo asubuhi kabla ya kula sukari ilikuwa 13.2. Nyayo zimepoteza hisia ila hazina kidonda. Anasema akiwa sokoni mara nyingine hutetemeka na kutokwa jasho, hasa akikosa muda wa kula mchana. Anatarajiwa kuruhusiwa baada ya siku 3. Utambuzi nimeandika "sukari kutodhibitiwa", lengo "sukari ishuke". Kwenye tathmini nimekwama. Nitapima nini?

BarakaK: Rahisi hiyo. Weka HbA1c iwe chini ya asilimia 7, umemaliza.

SistaZamu: Baraka, kipimo ni chenyewe, muda ndio haukubali. Kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo ndani ya siku 3 hakitakuambia lolote. Hicho ni cha kliniki.

Mdogo wangu, rudi kwenye maelezo ya mama. Anatetemeka akikosa mlo, na anameza glibenklamidi. Hiyo itamwangusha sokoni kabla ya hiyo 13.2 kumfanya chochote. Mweleze daktari leo, kisha hatari ya sukari kushuka iwe utambuzi wako wa kwanza. Lengo: kabla ya kuruhusiwa ataje mwenyewe dalili tatu, na aseme atafanya nini, yaani kukoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, asubiri dakika 15, dalili zikibaki arudie, zikiisha ale. Mfundishe, halafu yeye ndiye akueleze. Kesho yake muulize tena bila kumkumbusha. Akitaja dalili moja tu, andika lengo limefikiwa kwa sehemu na utakachorudia.

Miguu ni utambuzi wa pili. Usiandike "ataelewa utunzaji wa miguu", kuelewa hakuonekani. Andika kwamba atakagua nyayo na katikati ya vidole mbele yako, kwa kioo.

MamaJunior: Samahani naingilia. Baba yangu naye anameza hiyo glibenklamidi, nimwachishe?

SistaZamu: Hapana dada, usimwachishe kwa maneno ya humu. Ahudhurie kliniki na dawa zake zote mkononi. Wakati huo asimeze halafu akaacha kula.

MwanafunziWodini: Asante sista. Na hiyo 13.2? Nikiandika ifike kati ya 4 na 7 ndani ya siku 3, si nitamwangusha?

MuuguziMstaafu: Ningeandika ishuke chini ya 10, na isiguse chini ya 4 hata mara moja.

SistaZamu: Mimi nisingeweka namba kabla daktari hajaamua kuhusu glibenklamidi. Akiibadilisha, lengo lote linahama.

MuuguziMstaafu: Mwalimu wake ataurudisha ukiwa hauna namba, sista.