Naomba ushauri: mtu aliye mwanafunzi na mfanyakazi katika kanzidata ya chuo

Wanajamvi, ninasanifu kanzidata ambamo entiti kuu MTU inagawanyika kuwa MWANAFUNZI na MFANYAKAZI, na kwa kuwa mhadhiri msaidizi anayesoma uzamili ni vyote viwili, makundi yanaingiliana, hivyo safu moja ya `aina` haitoshi. Nimetenga majedwali matatu yenye ufunguo mkuu uleule, `mtu_id`. Kinachonisumbua ni sharti la ukamilifu: kila mtu lazima awe angalau katika kundi moja, ila ufunguo wa kigeni hukagua kutoka jedwali dogo kwenda kuu tu, na asiye na kundi hupita. (MFANYAKAZI hainisumbui: MHADHIRI na MHASIBU hawaingiliani, na mlinzi hubaki bila jedwali dogo.)

Je, nitumie triga ya mwisho wa muamala, au sharti hili juu ya safu mbili za ndiyo/hapana katika MTU, ambazo nahofia zitapingana na majedwali madogo?

```
CHECK (ni_mwanafunzi OR ni_mfanyakazi)
```