Nimepata au nimepoteza? Shilingi na dola katika hesabu ya kutredi

Kijana wa Malindi: Wakubwa, shikamooni. Januari 2023 niliweka dola 1,000 kwenye akaunti ya kutredi, dola ikiwa shilingi 123. Mwisho wa mwaka huo zilibaki 900, dola ikiwa imefika 156. Niliweka shilingi 123,000, zikawa 140,400. Mke wangu asema nimepata, rafiki yangu asema nimepoteza. Nani mkweli?

Baba Naima: Mkeo. Sokoni unakwenda na shilingi, si dola. Umeongeza 17,400, shukuru Mungu.

Nahodha: Marahaba, mwanangu. Baba Naima, pesa hizo zipo kweli, lakini hazikuletwa na kutredi kwake. Zipasue mara mbili. Dola 100 alizopoteza, kwa bei ya Januari, ni shilingi 12,300 zilizokwenda. Kisha dola 900 zilizobaki, kila moja imepanda shilingi 33, hiyo ni 29,700. Toa hasara, inabaki 17,400 ileile. Lau angeziacha dola zake 1,000 benki bila kuzigusa, angekuwa na 156,000. Kwa hiyo kutredi kumemla 15,600, na kupanda kwa dola kukafunika shimo. Haya ndiyo yanayoniuma, kwa sababu kijana akiamini amepata, mwaka wa pili ataongeza mtaji kwenye mbinu inayopoteza.

Mama Rehema: Yalinipata mimi na madira ya Dubai. Nilichukua 100 kwa dola 8 kila moja, dola ikiwa 123, jumla shilingi 98,400. Niliuza 1,200 kila moja mpaka yakaisha, nikapata 120,000, nikafurahi. Kurudi kununua, dola ilikuwa 156, pesa zote zikatosha madira 96. Faida iko wapi?

Nahodha: Hapo, dada, umeeleza kuliko mimi. Na upepo hugeuka. Februari 2024 serikali iliuza bondi mpya ya nje ili ilipe sehemu ya ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, hofu kwamba haitaweza kulipa ikapungua, shilingi ikapata nguvu. Mwisho wa 2024 dola ilikuwa karibu na 129. Tuseme kijana alitredi vizuri mwaka huo, 900 zikawa 990. Kwa shilingi ni 127,710, zimepungua 12,690 ilhali kazi yake ilikuwa nzuri! Daftari la kutredi liandike kwa dola, na pembeni andika bei ya siku uliyoweka na ya siku uliyotoa. Tumia bei uliyopewa wewe, si ile ya katikati inayotangazwa na Benki Kuu, maana benki inakununulia chini yake.

Baba Naima: Nimekuelewa kwa kupima ujuzi. Lakini karo ya watoto ni shilingi, na mtu aliyetoa pesa Desemba 2023 alilipa karo zaidi. Hilo hulifuti.

Nahodha: Silifuti. Aliyetoa alipata. Aliyeziacha ndani hakuwa nazo bado.

Kijana wa Malindi: Mimi sikutoa. Na zile 123,000 nusu nilikopa chamani, deni ni la shilingi. Hapo napima kwa ipi?