Barua kwa mwajiri wa zamani kuomba kazi za msimu: fupi isiyo na bei, au ndefu yenye bei na masharti?

Karani_Mstaafu_Mapema
Habari zenu wadau. Nataka kuiandikia kampuni niliyoacha kazi, niwaambie kwamba wakizidiwa na kazi wanaweza kuniita kwa mkataba wa muda, saa chache tu. Nina rasimu mbili. Ya kwanza ni nusu ukurasa, haina bei wala masharti. Ya pili ina kurasa mbili, inataja malipo kwa saa, siku ninazopatikana na jinsi ya kulipwa, na nimeambatanisha wasifu. Nataka kutuma wiki hii. Ipi?

Bi Shufaa
Fupi. Mtu aliyezidiwa na kazi hasomi kurasa mbili. Na wasifu wa nini, wakati faili lako bado liko kwao?

Mzee wa Leja
Ndugu, umetuuliza urefu wa barua na hukutuambia barua yenyewe ni ya kazi gani. Ulikuwa unafanya nini pale? Uliondoka kwa amani? Sasa hivi umeajiriwa au uko huru? Wanazidiwa lini hasa? Na unamwandikia nani, bosi wako wa zamani au idara ya utumishi? Bila hayo tunakisia tu.

Jabali la Pwani
Na mimi nasubiri majibu. Nilipunguzwa kazi pamoja na wenzangu, nikalipwa kiinua mgongo. Barua ya namna hii inanifaa?

Karani_Mstaafu_Mapema
Samahani Mzee. Nilikuwa msaidizi wa mhasibu, upande wa malipo kwa wasambazaji. Niliacha mwaka jana kwa notisi kamili na tuliagana vizuri. Sasa nimeajiriwa nusu siku kwingine, Jumatatu hadi Ijumaa, natoka saa saba mchana. Wao huzidiwa kila wanapofunga mwezi, lakini balaa lenyewe ni kufunga mwaka, kabla wakaguzi hawajaingia. Nilikuwa nataka kumwandikia meneja wa fedha.

Mzee wa Leja
Sasa tunaongea. Mwandikie meneja wa fedha na nakala iende utumishi. Ukianza na utumishi, barua itaingia kwenye faili la waombaji, kwa sababu wao hawajui ankara zimerundikana kiasi gani. Ukimwandikia meneja peke yake, siku akitaka kukuita atakwama kwa kuwa utumishi hawana kumbukumbu yoyote.

Kuhusu muda, tuma wiki sita hadi nane kabla ya mwaka wa fedha kuisha. Fedha za vibarua lazima ziidhinishwe na mtu, na wakati huo bado anapokea maombi. Barua ikifika siku ya kufunga, hata wakikupenda hawana fungu la kukulipa.

Tena usijisifu kwamba wewe ni mchapakazi. Wanakujua. Unachowauzia ni kwamba hawatapoteza siku kumfundisha mgeni mfumo, namba za wasambazaji na utaratibu wa idhini. Kwa hiyo taja kazi zenyewe. Mimi ningeandika hivi:

> Ndugu Meneja wa Fedha,
>
> YAH: KAZI ZA MUDA KIPINDI CHA KUFUNGA MWAKA
>
> Nilifanya kazi katika kitengo chako cha malipo kwa wasambazaji hadi nilipoacha kwa notisi mwaka jana. Wiki mbili za mwisho wa mwaka wa fedha na tatu zinazofuata huwa na mrundikano, na ningependa kusaidia kwa mkataba wa muda.
>
> Naweza kuingiza ankara, kulinganisha taarifa za wasambazaji na leja, na kuandaa orodha ya mizigo iliyopokelewa ambayo ankara zake hazijafika. Nitapatikana siku za kazi kuanzia saa nane na nusu mchana hadi saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi kutwa. Naomba nijulishwe siku tano kabla, na kila ninapoitwa isiwe chini ya saa tatu.
>
> Nitafuata utaratibu wa malipo mnaoutumia kwa watu wa muda. Nikihitajika, naweza kufika kwa mazungumzo mafupi siku yoyote alasiri.
>
> Wako,

Hiyo orodha ya mizigo isiyo na ankara usiifute. Ndiyo kazi inayoachwa hadi mwisho, na wakaguzi wakikuta haipo wanaanza kufungua hati moja moja za wiki za mwanzo wa mwaka mpya kutafuta gharama za mwaka uliopita.

Bi Shufaa
Nimefurahi umeacha bei nje. Ukitaja bei mapema umefunga mlango.

Dau la Mishahara
Hapana Bi Shufaa. Usipotaja bei, watakutajia wao, na hesabu yao itakuwa rahisi mno: mshahara wa zamani ugawanywe kwa saa za mwezi. Tuone inavyomwumiza.

Saa 40 kwa wiki mara wiki 52 ni saa 2,080 kwa mwaka, kama 173 kwa mwezi. Tuseme mshahara wake ulikuwa 1,730. Wakigawanya kwa 173 anapata 10 kwa saa, na wote wataona ni haki. Lakini ndani ya zile 2,080 kulikuwa na saa alizolipwa akiwa likizo na sikukuu. Toa likizo wiki 4 na sikukuu siku 10, zinabaki wiki 46, yaani saa 1,840. Mwajiri alikuwa anailipia kila saa ya kazi 11.30 na si 10. Ongeza mchango wa mwajiri kwenye akiba ya uzeeni, tuukadirie asilimia 10, unafika 12.43. Bado hatujahesabu nauli ya kwenda kwa saa tatu tu badala ya nane. Akikubali 10 amejipunguzia mshahara na hajui.

Mzee wa Leja
Hesabu ni sahihi, ila ina sharti. Wakimwingiza kama mfanyakazi wa muda, wakamlipia likizo kwa uwiano na kumchangia akiba, basi 12.43 ni kuwatoza mara mbili. Akija kama mtoa huduma anayeleta ankara yake, hapo 12.43 ndipo pa kuanzia, na 13 au zaidi si tamaa. Bei inategemea anaingia kwa mlango upi, na hilo hatalijua kabla hawajajibu. Kwa hiyo akokotoe namba mbili, aende nazo kwenye mazungumzo, barua ibaki bila bei.

Dau la Mishahara
Sikubaliani kuiacha kabisa. Angalau aandike kwamba bei itategemea aina ya mkataba. Ukimya husomwa kama kukubali kiwango cha zamani.

Mpenda Karatasi
Mnasahau jambo la msingi. Barua rasmi ichapwe, isainiwe kwa wino, ipelekwe kwa mkono na nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Barua pepe hupotea.

Bi Shufaa
Meneja wa fedha mwishoni mwa mwaka anaishi kwenye barua pepe. Karatasi inalala mapokezi.

Mpenda Karatasi
Inalala ikiwa na muhuri. Hakuna atakayesema hakuipata.

Dau la Mishahara
Huu si mgogoro wa kiwanja, jamani. Barua pepe, kiambatisho kimoja, na kichwa kinachotaja kufunga mwaka ili aipate akiitafuta. Turudi kwenye mkataba: aende kama mtoa huduma, uhuru zaidi, hakuna longolongo ya utumishi.

Mzee wa Leja
Hapo unampeleka pabaya. Wao ndio watakaompangia saa, watampa kompyuta na mezani kwake atasimamiwa. Nchi nyingi sheria huangalia hayo, haiangalii jina lililoandikwa juu ya mkataba. Mamlaka ya kodi wakisema alikuwa mwajiriwa, kampuni inadaiwa kodi na michango ambayo haikukatwa, na mara nyingine wanamrudia yeye pia. Kwa kazi ya kukaa kwenye kiti kilekile cha zamani, mkataba wa ajira ya muda ndio salama. Kama angekuwa anachukua taarifa za wasambazaji na kuzilinganisha kwake, kwa saa anazopanga mwenyewe na kulipwa kwa kazi iliyokamilika, ningekuelewa.

Dau la Mishahara
Hiyo ya kufanyia kwake inawezekana kabisa, kwa nini usiiweke kwenye barua?

Mzee wa Leja
Kwa sababu ya nyaraka za kampuni kutoka nje. Lakini sikatai, wanaweza kuikubali.

Jambo moja halijaguswa, na ndilo linaloharibu kazi hizi kuliko bei. Kuna ofisi moja ilimrudisha karani wa zamani wiki ya kufunga. Kwa kuwa wote walimfahamu, hakuna aliyeandika mkataba. Akaunti yake kwenye mfumo ilikuwa imefungwa siku aliyoacha kazi, na kuifungua kulihitaji fomu na saini, basi mwenzake akampa nywila yake. Huyo mwenzake ndiye pia aliyekuwa anaidhinisha malipo. Karani akaingiza ankara namba 452 kutoka kwenye taarifa ya msambazaji, wakati ile ile ilikwisha kuingizwa kama 00452 kutoka kwenye karatasi yenyewe. Mfumo ulizisoma kama ankara mbili, na kwa nywila ile ile akaziidhinisha zote. Msambazaji akalipwa mara mbili. Wakaguzi walipofuatilia, jina lililoonekana kuingiza na kuidhinisha ni la mtu ambaye hakuwa kwenye kiti. Karani hakuwa na karatasi ya kuonyesha aliagizwa nini, na malipo yake yalishikiliwa hadi msambazaji aliporudisha fedha.

Kwa hiyo kwenye barua ongeza sentensi moja: naomba nifunguliwe akaunti yangu ya kuingiza tu, bila idhini, ifungwe tarehe ya mwisho wa mkataba. Meneja wa fedha akisoma hilo atajua unaelewa kazi.

Jabali la Pwani
Na mimi je? Barua hii nibadilishe nini?

Mzee wa Leja
Wewe soma kwanza makubaliano uliyosaini ulipopunguzwa. Huenda kuna kipengele kuhusu kurudi kazini ndani ya muda fulani, au kuhusu malipo uliyopokea. Na kampuni iliyosema nafasi haihitajiki inaweza kuogopa kuonekana inaijaza tena. Fungua mada yako, tutakusaidia huko, maana mazingira ni tofauti.

Bi Shufaa
Karani, swali dogo. Mwajiri wako wa sasa anajua? Mikataba mingi inataka umwombe ruhusa kabla ya kazi ya pili, hata kama ni nje ya saa zake.

Karani_Mstaafu_Mapema
Hajui bado. Sikudhani ni tatizo kwa kuwa ni saa za mchana. Na ni biashara inayofanana, baadhi ya wasambazaji ni walewale.

Mzee wa Leja
Hilo ungelisema mwanzo! Utakuwa unaona bei za msambazaji mmoja katika kampuni mbili zinazoshindana. Hata usipomwambia mtu, siku kampuni moja ikipata punguzo ambalo nyingine inalo, utashukiwa wewe. Muombe mwajiri wa sasa ruhusa kwa maandishi kwanza, na kwenye barua useme wazi unafanya kazi wapi.

Dau la Mishahara
Akisema wazi hawatamwita. Aombe apewe kulinganisha taarifa za benki tu, hazionyeshi bei za bidhaa.

Mzee wa Leja
Kulinganisha benki ni wazo zuri, lakini hapo faida yake ya kuwajua wasambazaji inapotea. Na kukaa kimya siungi mkono.

Karani_Mstaafu_Mapema
Basi situmi wiki hii. Nasoma mkataba wangu wa sasa leo jioni nione kipengele cha kazi ya pili kinasemaje, nitakiandika hapa.

Mpenda Karatasi
Na ombi la ruhusa upeleke kwa mkono, upate muhuri.